Sura ya Sita: Jedwali Linalotoka Ubaoni

Kikao kimekwisha, watu wanakusanya madaftari, na mtu mmoja ameshashika dasta. Ubaoni kuna jedwali lililochukua asubuhi nzima kukubaliwa. Mwenye simu anapaza sauti: "Ngoja kwanza, nipige picha." Anapiga, dasta inapita, na kuanzia dakika hiyo makubaliano yote ya kikao yamebaki ndani ya picha moja. Wiki inayofuata yanatakiwa yaonekane ukutani, kwa projekta, mbele ya watu ambao hawakuwepo.

Mwenye simu siku hiyo nilikuwa mimi. Kilikuwa kikao cha chama cha ushirika cha wakulima, na kazi yenyewe ilikuwa kugawa mbegu za mahindi kwenye vituo sita kabla mvua za Novemba hazijaanza. Jedwali lilikuwa na safu sita: jina la kituo, idadi ya wakulima, ekari zao, kilo za mbegu, tarehe ya kugawa, na mhusika. Chini kabisa kulikuwa na mstari wa jumla. Nimeshahamisha majedwali mengi kutoka ubaoni kwenda kwenye slaidi, lakini hili ndilo ninalolitumia kufundishia, kwa sababu lilikuwa na karibu kila tatizo ambalo jedwali la ubaoni huwa nalo, na bado ni dogo kiasi cha kulibeba kichwani.

Tuanze na picha, maana hapo ndipo wengi hupoteza kitu bila kujua. Ubao mweupe unang'aa, na ukisimama mbele yake katikati kabisa huku taa ya simu ikiwaka, mwanga unarudi moja kwa moja kwenye kamera na kuacha doa jeupe. Ndani ya doa hilo tarakimu zimepotea, na hakuna namna ya kuzirudisha. Zima taa ya simu. Sogea hatua moja pembeni, mpaka mwako wa dirisha au wa balbu uhame kutoka kwenye maandishi. Picha itatoka imepinda kidogo, upande mmoja wa ubao mkubwa kuliko mwingine, na hilo lisikusumbue: picha hii ni ya kusomea, haiendi kwenye slaidi. Piga moja ya ubao mzima ili mpangilio uonekane, kisha mbili za karibu, nusu ya kushoto na nusu ya kulia, zikipishana katikati ili safu ya katikati iwemo katika zote mbili.

Halafu, kabla dasta haijaguswa, ikuze picha kwenye simu na usome tarakimu mbele ya walioziandika. Hasa zile za makapeni iliyokaribia kukauka. Dakika mbili za hapo zinaokoa simu nyingi za kesho yake. Mimi sikufanya hivyo siku ile, na hivyo ndivyo nilivyopata la kusimulia.

Jambo moja zaidi kuhusu picha. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa ili isile bando, na michirizi myembamba ya makapeni ndiyo inayoumia kwanza. Itume kama faili, kwa kuchagua Document, nayo itafika kama ilivyopigwa.

Niliporudi ofisini nilifungua picha upande mmoja wa kioo cha kompyuta na Excel upande wa pili. Ndiyo, Excel, ingawa mwisho wa safari ni PowerPoint. Jedwali la PowerPoint ni mahali pa kuonyesha tu, halijui kujumlisha. Jedwali la ubaoni linahitaji kujumlishwa kabla ya kuonyeshwa, kwa sababu mwandiko wa mtu aliyesimama, mkono juu, akiandika huku anabishiwa, si mwandiko wa kuamini kwa macho. Zipo programu zinazodai kusoma jedwali kutoka kwenye picha, na kwa ukurasa uliochapwa zinasaidia. Kwa mwandiko wa makapeni nimeona zikileta makosa yanayofanana na ukweli, na hayo ni magumu kuyaona kuliko kisanduku kitupu. Visanduku arobaini vinachapwa kwa mkono ndani ya dakika kumi, na unapovichapa unavisoma.

Nikaanza kuchapa. Mtoni, wakulima 42, ekari 61, mbegu kilo 610. Bondeni, 37, 54, 540. Kisimani, 29, na hapo nikakwama. Ekari za Kisimani zilikuwa ama 41 ama 47. Mwandishi alikuwa ameinama kuufikia mstari ule, na kichwa cha ile tarakimu ya pili kilikuwa kifupi mno kuwa saba, lakini kirefu mno kuwa moja. Kwenye safu ya mbegu ilikuwa hivyohivyo: 410 au 470, kwa mkono uleule.

Hapa ndipo mstari wa jumla unapofanya kazi yake. Niliandika 41, kwa kuwa ndivyo jicho langu lilivyoegemea, nikamaliza vituo vilivyobaki, kisha nikaweka chini ya safu ya ekari fomula hii:

```
=SUM(C2:C7)
```

Ikatoa 342. Ubaoni palikuwa pameandikwa 348, wazi kabisa, kwa makapeni mpya na mstari mara mbili chini yake. Tofauti ni 6. Ukiona tofauti ya 6 kati ya jumla yako na jumla ya ubaoni, au 60, au 600, shuku kwanza moja na saba, maana saba ukiitoa moja inabaki sita. Ukiona tofauti inayogawanyika kwa 9, shuku kwamba umegeuza tarakimu mbili, kwa mfano umechapa 45 badala ya 54. Watunza hesabu wanaijua mbinu hii tangu zamani za daftari na kalamu, na kwa majedwali ya ubaoni inafaa vilevile.

Lakini jumla peke yake haitoshi kunituliza, kwa kuwa aliyejumlisha ubaoni naye ni binadamu. Kwa bahati nzuri jedwali hili lilikuwa na ushahidi wa pili, unaokwenda kwa upana badala ya kushuka. Kikao kilikuwa kimekubaliana kilo 10 za mbegu kwa ekari. Basi katika kila mstari, mbegu ni ekari mara kumi. Pembeni, katika safu tupu, niliweka:

```
=D2-C2*10
```

nikaiburuta hadi mstari wa saba. Kila mstari ulitakiwa kutoa sifuri. Sasa nilipoandika 47 kwenye ekari na 470 kwenye mbegu, mistari yote ikatoa sifuri, ekari zikafika 348 na mbegu 3,480, sawasawa na ubao. Tarakimu moja iliyokuwa na shaka ikawa imethibitishwa kwa njia tatu. Kanuni ya mstari peke yake isingenisaidia, kwa sababu 41 na 410 nazo zinakubaliana, ila jumla mbili za chini zilikataa.

Kuna mambo ambayo hesabu haiwezi kukuambia, na ni lazima uyatambue mapema. Tarehe hazina jumla. Majina hayana jumla. Na makosa mawili yanayofidiana, moja likizidisha tatu na jingine likipunguza tatu, yanapita chini ya fomula bila kelele.

Tarehe zilinitega kidogo tu. Ubaoni ziliandikwa 3/11, 4/11 na kuendelea, na kwetu hiyo ni tarehe tatu mwezi wa kumi na moja, hakuna anayebisha. Ila kompyuta niliyokuwa nikiitumia ilikuwa imewekwa kwa mpangilio wa Kimarekani, ambako mwezi hutangulia. Nilipochapa 3/11 ikajigeuza kuwa 11-Mar, mwezi wa Machi, wakati ambapo mahindi ya Novemba yameshakomaa shambani. Ukiona kitu hicho, usipambane nacho kisanduku kwa kisanduku. Andika mwezi kwa herufi, 3 Nov, na kosa halina pa kuingilia. Kwenye slaidi pia inasomeka vizuri zaidi, kwa sababu hakuna atakayesimama kuuliza kipi ni siku na kipi ni mwezi.

Safu ya wahusika ndiyo iliyonilazimisha kupiga simu. Kituo cha Mtoni kilikuwa chini ya mtunza ghala. Bondeni kulikuwa kumeandikwa "Mweka hazina", kisha pakakatwa, na juu yake pakaandikwa "Afisa ushirika". Chini yake, kwenye mstari wa Kisimani, hapakuwa na neno. Kulikuwa na zile alama mbili ndogo za kusema "kama hapo juu". Sasa, kama yupi hapo juu? Yule aliyekatwa, au aliyeandikwa baadaye? Alama hizo hazina kumbukumbu. Mtu anapobadilisha mstari wa juu, anabadilisha na wa chini bila kukusudia. Kwa hiyo kwenye slaidi haziingii kamwe: kila kisanduku kiandikwe neno lake kamili, na kwa kila alama ya kurudia aulizwe aliyeiandika. Nikampigia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umefika salama?"

"Salama. Nina swali dogo la ubao. Kisimani anakwenda nani, afisa ushirika au mweka hazina?"

"Mweka hazina. Tulimwondoa Bondeni tu, maana siku ile ana benki. Kisimani ni kwake, anabaki palepale."

Bila simu hiyo ningeandika afisa ushirika. Slaidi ingependeza, watu wangepiga makofi, na tarehe 5 Novemba kilo 470 za mbegu zingefika Kisimani bila mtu wa kuzipokea.

Sasa jedwali ni sahihi, na ndipo tunaweza kuigusa sura yake. Hili hapa, kama lilivyotoka Excel:

| Kituo | Wakulima | Ekari | Mbegu (kilo) | Tarehe | Mhusika |
|---|---:|---:|---:|---|---|
| Mtoni | 42 | 61 | 610 | 3 Nov | Mtunza ghala |
| Bondeni | 37 | 54 | 540 | 4 Nov | Afisa ushirika |
| Kisimani | 29 | 47 | 470 | 5 Nov | Mweka hazina |
| Mlimani | 58 | 73 | 730 | 6 Nov | Bwana shamba |
| Shuleni | 31 | 45 | 450 | 9 Nov | Bwana shamba |
| Darajani | 46 | 68 | 680 | 10 Nov | Mtunza ghala |
| Jumla | 243 | 348 | 3,480 | | |

Unalinakili, unakwenda PowerPoint, unalibandika. Kwenye uchaguzi wa kubandika utaona vitufe kadhaa vidogo. Chagua Use Destination Styles, ili jedwali livae rangi na fonti za slaidi zako na libaki jedwali halisi unaloweza kulirekebisha. Ukichagua Keep Source Formatting, litakuja na mavazi ya Excel, pamoja na maandishi ya ukubwa wa 11. Ukichagua Picture, litakuwa picha, na siku mtu akibadilisha tarehe ya Shuleni utaanza upya.

Hatua inayofuata ndiyo ambayo watu huifanya kinyume. Wanaanza kuvuta safu kulia na kushoto mpaka zikae vizuri, halafu wanagundua maandishi ni madogo, wanayakuza, na safu zote zinavurugika. Ukubwa wa herufi ndio unaoamua upana na kimo cha kila kitu, kwa hiyo huamuliwa kwanza. Na hauamuliwi kwa kutazama kioo kilicho mbele ya pua yako.

Ukumbi wetu una kitambaa cha projekta chenye kimo cha mita moja na nusu, na kiti cha nyuma kabisa kiko kama mita 12 kutoka hapo. Slaidi ya kawaida ya sasa, ile pana ya 16:9, ina upana wa sm 33.87 na kimo cha sm 19.05. Ikitupwa kwenye kitambaa chetu, kila kitu kinakuzwa karibu mara nane. Pointi moja ya fonti ni sehemu moja ya 72 ya inchi, na tarakimu za Calibri ni fupi kuliko ukubwa unaotajwa, karibu theluthi mbili yake. Ukipiga hesabu, tarakimu ya pointi 20 itasimama ukutani kwa kimo cha sm 3.5 hivi, na ile ya pointi 11 iliyotoka Excel itakuwa na sm 1.9.

Ni kubwa au ni ndogo? Daktari wa macho Mholanzi Herman Snellen alitoa mwaka 1862 ule ubao wa herufi ambao bado umetundikwa katika kliniki za macho. Mstari wa jicho zima umepimwa hivi: kutoka mita 6, herufi ina kimo cha milimita 9 kasoro kidogo. Kutoka mita 12, basi, ni sm 1.75. Huo ndio mpaka wa jicho zima, herufi nyeusi tii, mwanga wa kutosha, na muda wa kukodoa. Tarakimu ya sm 1.9 iko juu ya mpaka huo kwa unywele mmoja tu. Kwenye ukumbi wenye madirisha wazi saa nne asubuhi, mbele ya mzee wa miaka sitini aliyesahau miwani, haisomeki. Ile ya sm 3.5 ni mara mbili ya mpaka, na hapo ndipo ninapopumua. Kwa hiyo pointi 20, na kwa ukumbi kama wetu sishuki chini ya 18.

Huna haja ya kurudia hesabu hii kila mara. Kompyuta mpakato ya inchi 15 ikionyesha slaidi kwa kioo kizima, slaidi ina kimo cha sm 19 hivi, karibu sehemu moja ya nane ya kitambaa chetu. Gawanya mita 12 kwa nane: mita moja na nusu. Weka kompyuta mezani, rudi nyuma mita moja na nusu, na usome safu ya mbegu. Hicho unachokiona ndicho atakachokiona mtu wa kiti cha mwisho, ukiondoa tu kwamba projekta hufifisha rangi. Kwa sababu ya kufifia huko, herufi zangu ni nyeusi juu ya nyeupe au karibu yake. Rangi za makapeni, nyekundu ya haraka na kijani ya tayari, hazivuki ukumbi. Kama nyekundu ilikuwa na maana ubaoni, iandike kwa neno.

Kuhusu aina ya fonti nina neno moja tu, na linahusu tarakimu. Fonti kama Georgia ina tarakimu zinazopanda na kushuka, tatu na saba zikining'inia chini ya mstari. Katika aya ya kitabu zinapendeza. Katika safu ya namba zinalifanya jicho liyumbe. Calibri na Arial zina tarakimu za kimo kimoja na upana mmoja, hivyo moja inasimama chini ya moja, kumi chini ya kumi.

Ili hilo litokee, namba zipangwe upande wa kulia. Ubaoni kila mtu huandika katikati ya safu, na ukizibandika hivyo, 3,480 itatanuka pande zote mbili kuliko 610 na hakuna atakayeona kwa jicho moja ipi kubwa. Majina yabaki kushoto. Kichwa cha safu kifuate kilicho chini yake, kulia kwa namba, kushoto kwa maneno.

Sasa upana. Ukibofya ndani ya jedwali, juu hutokea kichupo cha Layout, na ndani yake, sehemu ya Cell Size, kuna kitufe kinachoitwa Distribute Columns. Kinachukua safu zote ulizoteua na kuzigawia upana sawa, bila kubadilisha upana wa jumla. Ni kitufe kizuri sana, na ndicho kinachoharibu majedwali mengi, kwa sababu watu huteua jedwali zima na kukibofya.

Tazama kilichotokea kwangu. Katika mpangilio wa kawaida wa PowerPoint, kisanduku cha kichwa cha slaidi kina upana wa sm 29.2 na kinaanzia sm 2.3 kutoka kushoto. Napenda jedwali liwe na upana huohuo na lianzie palepale, ili jicho lisione ngazi. Sm 29.2 kwa safu sita ni karibu sm 4.9 kwa kila moja. Katika fonti ya pointi 20, herufi moja inakula wastani wa milimita 3.5, na kila kisanduku kina pambizo la robo sentimita kila upande. "Afisa ushirika" ni herufi kumi na nne pamoja na nafasi, kwa hiyo linadai karibu sm 5.4. Halikuingia. Likakatika mistari miwili, na mstari mzima wa Bondeni ukarefuka kuliko wenzake. "Mbegu (kilo)" kwa herufi nene nalo likakatika, na mstari wa vichwa ukavimba. Wakati huohuo safu ya tarehe, yenye "3 Nov" tu, ilikuwa na nafasi tupu ya kulaza mtu.

Usawa unaotafutwa ni wa safu zinazofanya kazi moja. Wakulima, ekari na mbegu ni namba, zinalinganishwa, na zikiwa na upana tofauti msomaji hudhani kuna sababu. Hizo tatu ziwe sawa kabisa. Safu za maneno zipewe kinachohitajiwa na neno refu kuliko yote, na pumzi kidogo. Ukibofya mara mbili juu ya mpaka wa kulia wa safu, PowerPoint yenyewe itaipima kwa neno lake refu, na hicho ni kianzio kizuri. Kisha andika namba kamili kwenye kisanduku cha Width, badala ya kuburuta kwa mkono. Mimi niliishia hapa: kituo sm 4.8, tarehe sm 3.2, mhusika sm 6.2. Jumla yake ni 14.2, zikabaki sm 15 kwa safu tatu za namba. Nikaziteua hizo tatu tu, nikabofya Distribute Columns, kila moja ikapata sm 5, na "Mbegu (kilo)" ikakaa kwenye mstari mmoja.

Kimo kilikuwa rahisi. Chini ya kichwa cha slaidi kuna nafasi ya sm 12, na mistari minane ya sm 1.4 inachukua 11.2. Lakini hapa kuna mtego ambao umenisumbua kwa miaka: mstari hauwezi kupungua chini ya kimo cha maandishi yake, na kisanduku kitupu nacho kina maandishi, ingawa huyaoni. Kwenye mstari wangu wa jumla, visanduku vya tarehe na mhusika ni vitupu. Kama vingebaki na ukubwa wa 32 wa mahali fulani palipotangulia, mstari huo ungekataa kushuka hata ungeandika 1.4 mara kumi. Teua jedwali zima, pamoja na visanduku vitupu, ndipo ubadilishe ukubwa wa fonti. Na usitegemee PowerPoint ikupunguzie herufi ikiona jedwali limejaa. Kwa visanduku vya kawaida vya maandishi hufanya hivyo, kwa majedwali haifanyi: mistari inashuka tu mpaka ya mwisho inatoka nje ya slaidi, na ukiwa unatazama juu hutajua.

Nilishawishika kuunganisha visanduku viwili vya Bwana shamba, Mlimani na Shuleni, kuwa kimoja kirefu. Kinapendeza. Lakini visanduku vilivyounganishwa hufanya kuteua na kugawa safu kuwe kwa shida, na tarehe ya Shuleni ikibadilika na mhusika wake pia, unaanza kuvunja ukuta. Nikaacha neno lijirudie.

Je, jedwali likiwa na mistari kumi na tano? Kwa pointi 20, mstari mmoja unahitaji angalau sm 1.1, kwa hiyo sm 12 zinabeba mistari kumi, pamoja na vichwa. Ikizidi hapo, ligawe kwenye slaidi mbili, vichwa vilevile na upana uleule wa safu, kwa kunakili slaidi ya kwanza na kubadilisha maneno. Upana ukitofautiana kati ya slaidi hizo mbili, safu zitaruka wakati wa kupita kutoka moja hadi nyingine, na macho ya ukumbi mzima yataruka nazo.

Kitu cha mwisho nilichofanya kilikuwa kuiweka ile picha ya ubao. Nilikwisha kusema haiendi kwenye slaidi, na sikuibandika kwenye slaidi ya jedwali. Niliiweka kwenye slaidi ya peke yake mwishoni kabisa, nikaibofya kwa kitufe cha kulia na kuchagua Hide Slide. Slaidi iliyofichwa hairushwi kwa mfuatano, lakini ukiwa katikati ya onyesho ukichapa namba yake na kubonyeza Enter, inatokea.

Siku ya mkutano, mama mmoja kutoka Kisimani, aliyeketi safu ya nyuma, alisimama na kusema kwamba yeye alisikia ekari 41. Alikuwa ameisoma 47 kutoka kule alikoketi. Nikachapa 9, nikabonyeza Enter, na ukumbi mzima ukaiangalia ile saba fupi, kisha ile 348 iliyopigiwa mstari mara mbili. Mama akahesabu kwa vidole, polepole, akifuata safu kutoka juu hadi chini, kisha akaketi na kuandika kwenye daftari lake.